Asisumbuliwe, Chumba Namba Saba

Enzi za Waingereza nilikuwa mkalimani wa daftari la mapokezi, katika hoteli ndogo karibu na stesheni ya Same. Karani wa asubuhi, mama wa Kigoa, aliandika kwa Kiingereza. Wenzangu wa zamu ya jioni walisoma Kiswahili. Saa nane mchana nilikaa kati yao na kalamu, nikijiona bwana mkubwa.

Yule mama aliandika kwa kubana. E.M.T. 5 ilikuwa chai ya alfajiri, saa kumi na moja kwa saa zetu. D.N.D. ilikuwa mgeni asisumbuliwe. Nilizijua zote, na kiburi nilikuwa nacho.

Siku hiyo alikuja mpima ardhi aliyetoka kufanya kazi kwenye Ziwa Jipe. Alizoea kulala kwetu kila safari. Mama akaandika: Na. 7, D.N.D., amechoka, chai kama kawaida. Nikatafsiri neno kwa neno, wala sikumuuliza kawaida ya nani. Kwa mama, kawaida ilikuwa mgeni huyo apelekewe chai chumbani saa kumi. Kwa zamu ya jioni, chai hunywewa ukumbini, na asiyekuja basi hataki.

Saa kumi ikapita. Mgeni hakutoka, na sisi tukasifu utulivu wake.

Magharibi mzee wa vyumba, Mpare wa milimani asiyejua kusoma, alipeleka maji ya moto. Akarudi mapokezi na birika lake limejaa.

"Namba saba haitikii."

"Shikamoo mzee, lakini imeandikwa asisumbuliwe," nikamwambia, kidole juu ya mstari.

"Marahaba. Imeandikwa tangu saa ngapi?"

Nikatazama daftari. Saa haikuwepo.

"Kwetu hodi tatu zisipojibiwa, huo si usingizi," akasema. "Lete ufunguo wa akiba."

Nilisita, Mungu anisamehe. Niliogopa mgeni kukasirika kuliko nilivyoogopa kimya chake. Mzee akanyoosha mkono, nikampa.

Tulimkuta sakafuni, homa imemshika, midomo imekauka, hawezi hata kuita. Daktari alipofika alisema angelala hivyo hadi asubuhi tungemzika. Nilimtazama yule mzee na birika lake, nikaona mwandiko wangu wote mzuri haukufika mahali ilipofika hodi yake.

Kesho yake mchana mama wa Kigoa alinieleza maana ya kila alichoandika, macho yamemwiva kwa kulia. Nikaandika upya, nikamsomea mzee: "Namba saba ana homa. Mpelekee chai chumbani saa kumi. Piga hodi mpaka aitikie."

Mzee akafikiri.

"Na asipoitikia?"

Nikachovya kalamu tena, nikaongeza: fungua mlango.