Asilimia Tano za Mtamba

Mimi sisahihishi kwa kuamini. Mwongozo wa majibu hata ukiletwa na malaika, lazima kwanza niupige hesabu mwenyewe. Kwa tabia hiyo walimu wenzangu hapa shuleni, karibu na Haydom, wananiona msumbufu, nami sijawahi kuwabishia.

Ijumaa hiyo mwalimu kijana, aliyetoka chuoni juzi tu, alikuwa amewapa Kidato cha Tatu karatasi ya mazoezi ya hesabu za fedha. Kwa alama zake tungechagua wanne wa kwenda Mbulu kwenye mashindano ya hisabati. Watatu walishajulikana. Wa nne alikuwa binti yangu, mwenye kumi na nane kati ya ishirini. Nyuma yake, kwa kumi na saba, alikuwa msichana wa kutoka Gehandu anayekaa bweni. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Binti yangu alikuwa ameshafua sweta lake la kijani la safari.

Kijana alikuwa ameandika majibu ubaoni asubuhi, wanafunzi wakabadilishana karatasi na kusahihishana. Kilichobaki ni mimi kuhakiki. Nikakaa ofisini na chai yangu, nikaanza.

Swali la riba lilikuwa sawa. Laki nne kwa riba mkusanyiko ya asilimia kumi kwa mwaka, miaka miwili. Mwaka wa kwanza inazaa elfu arobaini, inakuwa laki nne na arobaini. Mwaka wa pili asilimia kumi inatoka kwenye hiyo laki nne na arobaini, yaani elfu arobaini na nne. Jumla laki nne na elfu themanini na nne. Huku kwetu hata asiyesoma anaielewa hesabu hiyo: ukimpa jirani mtamba akutunzie, ndama ni wako, na ndama wa ndama ni wako pia.

Swali lililofuata lilihusu bei ya mtamba mnadani. Ilipanda kwa asilimia ishirini na tano, kisha bei hiyo mpya ikashuka kwa asilimia ishirini. Badiliko la jumla ni asilimia ngapi? Mwongozo wake ulisema ongezeko la asilimia tano.

Nikaweka kikombe chini. Mtamba wa laki nne akipanda hivyo anafika laki tano. Ishirini kwa mia ya laki tano ni laki moja. Anarudi laki nne pale pale. Badiliko ni sifuri.

Nikamwita kijana. "Kwenye riba ulikumbuka kwamba mwaka wa pili unahesabu kwenye fedha mpya. Kwenye mtamba umetoa tano kutoka wapi?"

Akaangalia, akajikuna shingo. "Nimetoa ishirini kwenye ishirini na tano, madam. Nimekosea." Kisha akashusha sauti. "Lakini madam, swali hili lina alama mbili. Binti yako ameandika tano."

Nikatafuta karatasi zote mbili. Kweli, wangu aliandika tano. Yule wa Gehandu aliandika sifuri, na njia yake yote ameionyesha vizuri, juu yake mkasi mwekundu wa kosa aliochorwa na mwenzake. Sasa wangu kumi na sita, yule kumi na tisa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na siku hiyo niliuona uchungu wake. Nilikaa na kalamu mkononi hadi chai ikapoa, ndipo nikabadilisha alama.

Nikamwita yule msichana. Akasimama mlangoni, "Shikamoo, madam." Nikamuuliza kwa nini hakusema alipoona amekatwa naye anajua yuko sahihi.

"Mwalimu alikuwa ameshaandika ubaoni," alijibu, macho chini.

Kijana akamwambia, "Nilikosea mimi. Siku nyingine uniambie." Msichana akaitikia, ingawa sidhani kama ataweza.

Nyumbani nilimkuta binti yangu anachambua maharage. Nikamweleza moja kwa moja. Akaniuliza, "Mama, ningekuwa mtoto wa mtu mwingine ungehakiki?" Nikamwambia ndiyo. Akaendelea na maharage yake, na hakunisemesha tena, wala kesho yake.

Jumatatu alfajiri nilikwenda stendi kuwasindikiza wale wanne. Mbulu kuna baridi, na yule msichana, kama watoto wengi wa kule Gehandu, chini tambarare, sikuwahi kumwona na nguo nzito. Alishuka kwenye bodaboda amevaa sweta. Kwenye kiwiko lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa bluu, ule nilioutumia mwenyewe nilipokosa wa kijani.

Nikarudi nyumbani. Binti yangu alikuwa anafagia uwanja na kanga yangu begani, na bado alikuwa hanisemeshi.