Kishungi cha Bwana Yani

Tabea hakuwa kinyozi. Alikuwa dobi wa Bwana Yani, Mgiriki mwenye shamba la kahawa kwenye mteremko wa Meru, enzi za Mwingereza. Lakini masika moja barabara ya mjini ilikatika, nywele za bwana zikamwingia machoni, akamwambia Tabea, "Nikate wewe." Tangu hapo mkasi ule haukushikwa na mwingine. Mwanamke wa Kimeru anashika kichwa cha mzungu, na mzungu anafumba macho! Shambani hakuna tena aliyemwita dobi. Hata nyapara alikuwa anamwamkia.

Na kichwa chenyewe kilikuwa kaidi. Juu kidogo ya paji, upande wa kulia, nywele zilizunguka kama maji yanayozama shimoni, kisha zikainuka. Ukizikata fupi hapo, kishungi kinasimama wima kama cha ndege. Tabea alijifunza kwa kuharibu. Akajua kwamba kichwa kile kinakatwa kikiwa kikavu, maana nywele zikilowa hulala zikakudanganya. Zikikauka hujivuta juu. Unazichana zielekee zinakotaka zenyewe, wala huzivuti. Pale penye mzunguko unaacha ndefu, unagusa ncha tu, kwa kuwa uzito wake ndio unaozilaza. Za jirani unazipunguza kidogo kidogo mpaka zikutane na zile ndefu, pasionekane ngazi.

Jambo hilo hakumfundisha mtu. Eliasi, mpishi, alikuwa akimtania: "Mama, siku ukifa bwana atatembea na jogoo kichwani."

"Basi mniombee uhai," Tabea anajibu, wala hacheki.

Mke wa kwanza wa bwana alikuwa amekufa zamani. Alipooa tena alimleta Bibi Eleni, aliyekulia Tanga kwenye mashamba ya mkonge, Kiswahili kinamtoka kama amezaliwa nacho. Haukupita muda bibi akataka picha ya kupelekwa Ugiriki kwa mama mkwe. Mpiga picha aliitwa kutoka mjini. Asubuhi ile Tabea akaweka kiti barazani, akatoa mkasi.

Bibi akatoka na beseni. "Wewe, nawa kwanza. Kwa sabuni. Mpaka kwenye viwiko."

Mikono iliyofua mashuka ya nyumba ile, iliyomfuta bwana jasho la homa, haikuwahi kuambiwa inawe. Eliasi alikuwa mlangoni; alisikia. Tabea akanawa.

Kisha bibi mwenyewe akammwagia mumewe maji kichwani, akazichana nywele za mbele, zikalala kimya. "Hapa mbele fupi, upana wa kidole kimoja. Sitaki mume wangu aonekane kama mchunga mbuzi."

Bwana Yani akacheka, akageuza shingo. "Zitakaa, Tabea?"

Neno moja tu lilitakiwa: ngoja zikauke. Lakini maji ya sabuni yalikuwa bado yanamchuruzika viwikoni.

"Zitakaa, bwana."

Bwana akafumba macho. Tabea akakata kama alivyoagizwa, fupi, sawasawa, mpaka bibi akasema, "Kumbe unaweza."

Mpiga picha alipomaliza kusimamisha chombo chake cha miguu mitatu, nywele zilikuwa zimekauka. Kishungi kimeinuka. Bibi akakibandika kwa maji, kikalala, kikaamka. Akapaka mafuta, kikasimama kinang'aa. Eliasi alianza kucheka, akamtazama Tabea, akaacha.

"Kikongwe huyu hajui kitu!" bibi akapiga kelele. "Nani alimpa mkasi?"

Bwana hakupiga kelele. Alimsogelea Tabea, akauliza polepole, "Ulijua?"

"Mimi dobi tu, bwana."

Bwana akageuka. Kisha akavaa kofia, wakapigwa picha hivyo hivyo, na kofia.

Jioni Eliasi alimwambia, "Mama, kamwombe radhi. Yule atakusikia."

"Nimwombe radhi kwa kutii? Nywele zitaota. Atarudi mwenyewe. Nani mwingine anakijua kichwa kile?"

Basi akangoja. Kila akianika nguo anatupa jicho barazani, aone kama kiti kimetolewa. Kiti hakikutolewa. Nywele ziliota, zikafika masikioni, na bado bwana hakuita.

Siku moja bwana akapanda lori kwenda mjini. Aliporudi, Tabea alikuwa kwenye kamba. Bwana akashuka, akavua kofia kwa joto, na upepo wa mlimani ukampiga usoni. Tabea akatazama. Pembeni zimepunguzwa, zikapanda taratibu. Mbele, kulia, zimeachwa ndefu. Zilikuwa kavu. Zilipepea, zikarudi zikalala. Kinyozi mpya wa Kihindi kule mjini, aliyekiona kichwa kile kwa mara ya kwanza, alikuwa amejua.

Bwana akapita karibu na kamba.

"Mashuka yamekauka?"

"Bado, bwana," akasema Tabea.