Bati la Pete ya Pili

Mwaka ule nilikuwa fundi wa vihenge katika kampuni moja ya nafaka pale Makambako. Tulikuwa na vihenge vinne vya chuma, vya mabati yenye mikunjo, vimejipanga uani karibu na reli. Mimi ndiye niliyevikagua na kusaini kitabu cha ukaguzi. Nyumbani kwetu ni Njombe, na mwisho wa juma nilikwenda kwa mama. Lakini Julai, mahindi yalipokuwa yakiingia kwa malori mfululizo, sikwenda. Nilikuwa na wasiwasi ambao sikujua umetoka wapi.

Chini ya kihenge cha tatu, upande usiopigwa na upepo, palikuwa na mama mmoja wa kutoka Mdandu aliyeuza chai na maandazi. Wapagazi walikaa hapo kwenye mabenchi yake, migongo imeegemea bati. Siku moja nilipopita akaniita, akanisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mwanangu. Hili bati lako linalia."

"Linaliaje, mama?"

"Tak. Halafu linanyamaza. Halafu tak tena."

Nikamwambia ni jua, chuma kikipata joto kinatanuka. Nilisema huku nikitembea, maana malori yalikuwa yakinisubiri. Kesho yake akaniita tena, na safari hii hakutabasamu.

"Jua gani, mwanangu? Linalia alfajiri, kabla jua halijatoka. Mimi hufika na baridi, mikono haishiki hata kiberiti."

Nilisimama. Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu nilijua maana yake na nilikuwa nimekataa kufikiri. Mahindi ndani ya kihenge hayakai tu, yanasukuma ukuta kwenda nje pande zote. Bati halina pa kwenda, kwa hiyo linavutwa kulizunguka duara lote, kama mkanda wa mtu aliyeshiba. Kadiri kihenge kinavyokuwa kipana, ndivyo mkanda unavyovutwa zaidi kwa msukumo uleule. Na alfajiri ya baridi kali, chuma kinasinyaa wakati mahindi hayasinyai. Mkanda unakazwa juu ya tumbo lililojaa.

Nikapiga magoti kwenye kiungo cha wima, pale mabati mawili yanapopandana na kufungwa kwa bolti. Pete ya kwanza, yaani mzunguko wa mabati wa chini kabisa, ilikuwa sawa. Kwenye pete ya pili niliona alama zinazong'aa pembeni mwa washa za bolti, chuma kipya kilichokwanguliwa. Tundu za bolti, ambazo zinatakiwa kuwa duara, zilikuwa zimerefuka kama yai. Bati lilikuwa likivutwa kutoka kwenye bolti zake.

Nilitoa kipimo cha unene nikapima ukingo wa bati. Nikapima tena. Unene wake ulikuwa karibu nusu ya ule wa bati la jirani.

Hapo nilikumbuka. Mwezi wa Aprili lori lilirudi nyuma likagonga kihenge kile, na bati moja likabadilishwa. Mabati ya chini huwa manene, kwa sababu msukumo wa mahindi huongezeka kadiri unavyoshuka. Hauongezeki bila kikomo kama wa maji, kwa kuwa ukuta wenyewe hubeba sehemu ya uzito kwa msuguano. Bado chini ndiko kwenye mvuto mkubwa. Mabati ya juu huwa membamba. Mafundi walifunga bati la juu kwenye pete ya pili. Kwa macho yanafanana, mikunjo ileile, rangi ileile. Nami nilitazama kwa macho, nikasaini.

Nilizunguka kihenge mara tatu kabla ya kwenda kwa meneja. Kila nilipotaka kugeukia ofisini, miguu ilinipeleka kwenye kiungo kile tena.

"Kimesimama wiki tatu kikiwa kimejaa," meneja alisema. "Kwa nini kianguke leo?"

"Kwa sababu tundu za bolti zinaendelea kurefuka, bosi. Nimeziona."

"Basi tuyatoe mahindi. Malori yapo. Fungua mlango wa katikati na wa pembeni, kitakuwa chepesi haraka."

"Wa pembeni hapana. Mahindi yakitokea ukutani, upande ule msukumo unapungua na pande za jirani unaongezeka. Ukuta unapinda. Tutoe katikati tu, polepole, ili kilele kishuke kwanza kama faneli. Na kabla ya kuanza, uani pasibaki mtu. Mahindi yakianza kutembea yanaweza kusukuma zaidi kuliko yalipokuwa yametulia."

Alichukua kofia yake mezani. "Hilo bati nani alilipitisha?"

"Mimi."

Sikuwa nimepanga kulisema namna hiyo, lakini lilitoka. Meneja akaivaa kofia na kusema, "Waondoe watu."

Wapagazi walicheka. Mmoja akapiga bati kwa kiganja kunionyesha lilivyo imara, nikamvuta mkono kwa nguvu mpaka akakasirika.  Mama wa chai alizima jiko, akabeba birika, na wale wapagazi walipoona chai inaondoka wakabeba mabenchi wakamfuata hadi ng'ambo ya mizani ya malori. Nilifunga kamba kuzunguka eneo lote. Kisha nikaenda kwenye chumba cha swichi, mbali na kihenge, nikafungua mlango wa katikati kidogo tu. Mkanda wa kusafirishia mahindi chini ya sakafu ukaanza kuvuma.

Sikuweza kukaa. Nilisimama mlangoni, nikarudi kwenye swichi, nikasimama tena mlangoni. Dakika chache tu zilikuwa zimepita niliposikia tak, kisha tak mbili pamoja, kisha mlio mmoja kama risasi. Bolti ziliruka zikagonga uzio. Kiungo kikafunguka, urefu wa mkono hivi, na mahindi yakaanza kumwagika kwa mkondo mnene, meupe, yakijirundika pale mabenchi yalipokuwa.

Mpagazi mmoja aliruka kamba akiwa na magunia matupu, anataka kuziba.

"Rudi!" nilipiga kelele. "Rudi, kaka! Acha yamwagike!"

Alisita. Mama wa chai akamshika shati kwa nyuma. Wakati huohuo bati juu ya ufa likabonyea kwenda ndani, taratibu, kama shavu la mzee asiye na meno, na kihenge kizima kikatoa mlio mrefu. Kila mtu alirudi nyuma bila kuambiwa.

Nilikuwa na mkono kwenye swichi. Nikizima, mahindi yatatoka pembeni peke yake, na hilo ndilo nililoliogopa. Nikaacha katikati paendelee.  Kilele kilishuka, msukumo ukashuka nacho, na mkondo kwenye ufa ukadhoofika mpaka ukawa punje mojamoja. Kihenge kilibaki kimesimama, kimepinda, hakifai tena.

Hakuna aliyeumia. Katika ripoti meneja alinishauri niandike kwamba mafundi walikosea. Walikosea kweli. Niliandika hivyo, na chini yake nikaandika kwamba mimi sikupima. Nilihamishwa kwenye kupima unyevu wa mahindi getini msimu mzima, na mwingine akapewa kitabu cha ukaguzi. Sikulalamika, ingawa iliniuma.

Mama wa chai nilimwendea siku ya pili kumwomba radhi. Alinimiminia kikombe, akanisukumia andazi. "Wewe ulisoma," alisema, "mimi nilisikia tu. Ungeniuliza mapema lilikuwa linalia saa ngapi." Nilikunywa nikiwa nimesimama. Alinionyesha benchi mara mbili, lakini kila nilipolitazama niliona mahindi yakijirundika pale lilipokuwa, na bado sikuweza kukaa.