Zuleica na Duara la Wageni

Wifi yangu Zuleica ni mshonaji, na tangu turudi Mocímboa kutoka ukimbizini anafundisha wanawake kumi na wanne kusoma, barazani kwake, alasiri kazi zikiisha. Baraza lile limeezekwa kwa makuti machache na maombi mengi. Mvua ikianza, basi, darasa limekwisha. Kwa hiyo siku shule ya mtaani ilipofunguliwa upya, alikuwa na haja moja tu: kumwomba diretora, yaani mkurugenzi wa elimu, Flávia, chumba kimoja cha alasiri. Diretora alikuwa anaondoka siku ileile, na dereva wake alishasema saa sita kamili lazima wawe njiani, wapite Awasse mapema, maana njia ile si ya kupita jioni.

Hotuba zilipokwisha, wakubwa walisimama uani kwa duara, soda mkononi, wakizungumza. Zuleica akajitengeneza leso, akaenda.

Alifanya tulivyolelewa. Akatoa salamu kwa sauti, akaanza kulia kwake, mkono kwa mkono, na akamuuliza kila mmoja habari za nyumbani, za watoto, za afya. Kwetu asiyefanya hivyo ana kiburi. Lakini wale walikuwa katikati ya maneno. Mwalimu mkuu mpya, Joaquim, aliyeletwa kutoka kusini, alikatishwa kisa chake, akasahau alipofika. Kisha Joaquim akamtazama, akadhani ni mmoja wa akina mama wa jikoni, akampa sahani yake yenye makombo ya sambusa.

Na Zuleica akaipokea!

Aliponifikia nayo, sikuvumilia. Nikamwambia, "Wifi, rudi ukamrushie."

"Rachida, tulia," akasema. "Kosa ni langu pia. Nimewaingilia kama mgeni wa msibani, anayempa kila mtu mkono."

Alipogeuka akakutana na mzee Jamaldine, na mzee Jamaldine akikushika umeshikwa. Alikuwa anaeleza habari za kengele ya shule ya zamani: nani aliipiga, ilisikika mpaka wapi. Saa tano na nusu ikapita. Dereva akafungua milango ya gari lipoe. Nikawa namkonyeza Zuleica, yeye haniangalii. Mzee humkatizi.

Akasubiri mzee ameze mate. "Baba, kumbe kengele ilisikika mpaka mashambani! Sikujua hilo," akasema. "Nnaomba ruhusa, nina neno na diretora kabla gari halijaondoka. Huyu nesi Abacar hajaisikia habari hii, naye ni mtoto wa hapahapa."

Abacar, maskini, akatabasamu na kusogea. Mzee akamshika bega. "Nenda, mwanangu," akamwambia Zuleica, na wala hakununa.

Safari hii hakwenda katikati. Alisimama pembeni, penye uwazi, karibu na Cadija wa wodi ya wazazi. Akamwinamia kichwa kidogo, Cadija naye akasogea nusu hatua kumpa nafasi. Zuleica akasikiliza tu. Walipocheka, akacheka. Niliona aibu kwa niaba yake, kusema kweli, nikadhani atabaki hapo mpaka gari liondoke.

Joaquim alikuwa analalamika: anawaandikia wazazi barua za mikutano, akina mama hawaji. "Wanapuuza," akasema.

Zuleica akamwacha amalize. "Hawapuuzi, mwalimu. Barua hawawezi kuisoma. Kumi na wanne ninao mimi, wanajifunza, na wiki iliyopita wawili wamesoma barua yako mpaka mwisho."

Diretora Flávia akamgeukia. Akamuuliza anafundishaje, kwa vitabu gani. Zuleica akajibu kwa Kireno chake cha kushonashona. Kisha dereva akapiga honi.

Hapo nilitegemea amng'ang'anie. Badala yake akasema, "Com licença, diretora, naomba ruhusa, nisikucheleweshe. Nimefurahi umeuliza. Ukija tena, watakuandikia majina yao mbele yako." Akawaaga wote kwa kichwa, akarudi nyuma hatua mbili.

Chumba hajakitaja! Nilitamani kulia.

"Ngoja, mama," diretora akasema. "Mnasomea wapi?"

"Barazani kwangu, mpaka mvua ije."

Flávia akamgeukia mwalimu mkuu. "Joaquim, chumba gani kiko wazi alasiri?"

"Cha tatu," akasema, taratibu. Macho yake yalikuwa kwenye sahani, maana Zuleica alikuwa bado ameishika.

Gari lilipoondoka, Joaquim alimfuata, akaichukua sahani mwenyewe, akanyoosha mkono wa pili. "Mama, unisamehe. Tuanze tena. Jumatatu, saa tisa."

Zuleica akaupokea mkono. Akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za afya, moja moja. Mwalimu akazijibu zote, na alipomaliza, naye akauliza zake.