Simu Ndani ya Sufuria

Niliporudi Nyamongo na diploma ya ufundi simu, wazee wa ukoo walisema sitaweza kutengeneza hata redio. Baba alipofariki, walinihitaji. Kwa mila yetu, bila neno la mtoto wa kwanza, kaka yetu mkubwa aliyeko Kenya, kaburi lisingechimbwa. Wazee walimpigia kwa spika, simu ndani ya sufuria ili wote wasikie.

“Mnanidhihaki? Kila nikisema, sauti yangu inanirudia!” alifoka.

“Ni sufuria, kaka. Sauti yako ikitoka kwenye spika, inagonga sufuria na kurudi kwenye maiki ya simu yetu.”

Niliitoa simu, nikapunguza sauti, nikailaza juu ya blanketi. Wazee wakasogea.

“Sasa?” nikamuuliza kaka.

“Imekoma. Chimbeni. Mimi sitafika.”

Diploma yangu ilikuwa imefanya kazi yake. Nikachukua jembe.