Pete ya Mama Chini ya Turubai la Buluu

Mama alikuwa tayari kumpigia sonara kelele, na nusura nimsaidie. Pete yake ya dhahabu ilikuwa imepanuliwa, lakini pale kibandani sokoni Garissa, chini ya turubai jipya la buluu, ilionekana imefifia, nyeusi-nyeusi. Bangili ya fedha kando yake iling'aa kama kawaida.

"Amenibadilishia, wallahi!" mama akasema.

Mimi hufundisha fizikia, na kunyamaza sikujaliwa. Nikaanza. Metali hung'aa kwa sababu elektroni zake huru hutikisika pamoja na mwanga na kuurudisha. Mwanga ukitikisika kwa kasi inayopita kikomo kiitwacho masafa ya plazma, elektroni hizo hushindwa kuufuata, nao hupenya. Kikomo cha fedha kiko kwenye urujuanimno, ambao macho hayauoni, kwa hiyo fedha hurudisha rangi zote tunazoziona. Dhahabu na shaba zina elektroni nyingine, zilizofungwa kwenye atomu, ambazo humeza buluu. Kinachorudi zaidi ni manjano na wekundu. Sasa, turubai hili linapitisha buluu karibu tupu, kwa hiyo...

Nilipogeuka, mama hakuwapo. Alikuwa amesimama juani, amenyoosha mkono, pete inawaka manjano. Sonara alishusha pumzi, akaapa kununua turubai jeupe.

"Hooyo," mama akaniita, kama mama zetu wa Kisomali wanavyowaita watoto wao, "maneno yote hayo, na ungesema tu tutoke nje."