Safu ya Idadi

Barua ya wakaguzi wa ndani ilipofika, kitu cha kwanza nilichokikasirikia ni kiti. Kilikuwa upande wa pili wa meza yangu, kiti cha plastiki cha kijani, mguu mmoja umefungwa waya. Tangu mwenyewe afariki hakuna aliyekikalia, na mimi sikuwa na moyo wa kukiondoa. Nilisoma barua ile nikakitazama kwa hasira, maana mtu aliyepaswa kunisaidia kuijibu alikuwa ameniachia waya na plastiki.

Nilikuwa mtunza stoo wa chanjo katika shirika moja dogo la mifugo, Garissa. Kazi yangu ilikuwa majokofu, kadi za stoo na vocha. Yeye alikuwa mchanjaji wetu, mzee wa Kutulo aliyejua njia zote za Mandera kuliko dereva yeyote. Mimi nilimwita Adeer, yaani baba mdogo kwa Kisomali, na yeye aliniita abaayo, dada yake, ingawa nimezaliwa Mwingi na sina hata tone la damu yake. Miaka saba tuliketi meza moja. Nilipanga chumba peke yangu kule Waberi, na zaidi yake hakuna mtu mjini aliyejua kama nimekula au sijala.

Wakaguzi wangetoka makao makuu Nairobi baada ya wiki mbili. Walituma orodha: kadi za stoo, vocha za kutoa chanjo, fomu za wafugaji waliochanjiwa na daftari la joto la majokofu. Nilitoa mafaili yote nikayapanga sakafuni kwa miezi, nikaanza kulinganisha. Kilichopokelewa, toa kilichotoka, kibaki kilichomo kwenye jokofu. Nilihesabu chupa kwa mkono, mara mbili, vidole vikiganda. Kadi na jokofu zilipatana, nikamshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu.

Kulikuwa na pengo moja kwenye daftari la joto. Jumamosi na Jumapili moja hakuna aliyesoma kipimajoto, mwenye zamu alikuwa harusini. Ningeweza kuandika nyuzi nne, asubuhi na jioni, kwa kalamu ya rangi ileile. Sikuandika. Niliacha nafasi zile wazi, nikaandika maelezo yenye tarehe ya siku hiyo niliyoyaandika, nikaambatisha daftari la jenereta lililoonyesha umeme haukukatika. Nilijiona mwaminifu sana siku hiyo. Najicheka nikikumbuka.

Kwa sababu pengo la pili lilikuwa kubwa, na lilikuwa la Adeer. Safari yake ya mwisho, ya Kutulo, alichukua chupa arobaini za chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, kila chupa ya wanyama mia moja. Vocha ilikuwapo, sahihi yake ipo. Fomu za wafugaji zilirudi na dereva, zina majina na alama za vidole gumba, lakini safu ya idadi ya wanyama ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini. Yeye mwenyewe hakurudi. Aliugua kwao Kutulo, akazikwa hukohuko. Bila idadi, chupa arobaini zilikuwa zimetoka stoo zikayeyuka, na ripoti ingesema zimepotelea mikononi mwake. Marehemu hawezi kuitwa ajieleze.

Sasa niseme kwa nini safu ile ilikuwa tupu. Wafugaji wa huku hawapendi kutaja idadi ya mifugo yao. Kuhesabu baraka za mtu mbele yake ni kuzikaribisha zipungue, na mchanjaji anayesimama na kalamu akiuliza "wangapi?" huondoka bila kuchanja hata mwanambuzi. Adeer hakuuliza. Alichanja, akaondoka na heshima yake. Akirudi Garissa aliketi kwenye kiti kile cha kijani, akafungua kijidaftari chake kidogo na kunisomea: "Huyu chupa tatu. Huyu mbili." Nami niliandika mia tatu, mia mbili. Mwaka baada ya mwaka. Safu ile haikuwa na mwandiko wake hata siku moja. Mwandiko wote ulikuwa wangu.

Mkuu wa ofisi alizikuta fomu mezani. Ni mtu mwema, lakini anaogopa wakaguzi kuliko anavyoogopa ukame.

"Jaza kama kawaida," alisema. "Chupa arobaini, gawanya kwa majina. Kwani shida iko wapi?"

"Sijui nani alipata ngapi."

"Nani mwingine anajua?"

Swali hilo lilinichoma, ingawa yeye hakukusudia. Kijidaftari kilikuwa Kutulo na mwenyewe, na ili kukipata ilinibidi kumpigia mkewe. Sikuwa nimempigia tangu msiba. Nilituma ujumbe mfupi wa pole siku ya mazishi, kisha aibu ya kuchelewa ikazaa aibu nyingine, hadi ikawa miezi. Ndivyo upweke unavyofanya kazi, unakunyima watu halafu unakufundisha kuwakwepa.

Nilipiga simu saa nne asubuhi, nimesimama kando ya majokofu ili ngurumo zake zifiche sauti yangu.

"Assalamu alaikum, mama. Ni mimi, wa stoo ya Garissa."

"Wa alaikum salaam. Abaayo yake!" alisema. "Wewe ulibotea."

"Nilipotea, mama. Nisamehe."

"Mimi nasamehe. Kitabu yake iko kwa sanduku. Yeye alibandika karatasi dogo dogo ya chuba. Mimi nafikiri ni mchezo ya mzee."

Kijidaftari kilikuja kwa basi, kimefungwa ndani ya shashi, kitambaa cha kichwa cha kike, yenye harufu ya udi. Nilikifungua nikakaa chini. Kwenye kila ukurasa aliandika jina la mfugaji, kisha chini yake akabandika lebo za chupa alizofungua pale. Bila shaka alizilowesha kwa maji ya barafu ya kisanduku cha chanjo, akazibandua polepole. Kila lebo ilikuwa na namba ya toleo la chanjo, na zote zilikuwa sawa na iliyo kwenye vocha yangu. Nilihesabu lebo thelathini na nane. Ukurasa wa mwisho, kwa penseli: "Mbili zilivunjika njiani. Mashimo." Nililia, sitaki kudanganya. Miaka saba nilidhani ananisomea maandishi yake tu, kumbe alikuwa ananisomea ushahidi.

Basi nilichukua kalamu nijaze. Chupa tatu, mia tatu, kama kawaida. Kalamu ikafika kwenye karatasi ikasita. Alipokuwa ameketi mbele yangu, kuandika mia tatu kulikuwa kama mazungumzo kati yetu wawili. Akiwa hayupo ulikuwa uongo wangu tu, tena juu ya jina lake. Nilifunga kalamu. Niliambatisha fomu tupu na kijidaftari na barua fupi ya maelezo, nikatia tarehe ya siku hiyo.

Wakaguzi walikuwa wawili. Mwanamume alikwenda na mkuu wa ofisi kuangalia magari. Mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya taratibu, alikaa nami. Nilimpa kiti changu nikabaki nimesimama, hadi akauliza kwa nini sikalii kile cha kijani. Nikakikalia. Kilikuwa kimeinama upande mmoja kuliko nilivyodhani.

Alihesabu chupa za kwenye majokofu, akapata nilichopata. Alisoma maelezo ya kipimajoto, akatia alama. Nilikuwa nimejiapiza kujibu ninachoulizwa tu, na nisichokijua niseme sikijui. Alipofika kwenye fomu za Kutulo alilinganisha lebo moja moja na vocha. Hakuwa na haraka.

"Chupa zinaeleweka," alisema. "Thelathini na nane zimetumika, mbili zimevunjika." Nilitoa pumzi. Kisha akavuta mafaili ya miaka ya nyuma, akapitisha kidole kwenye safu ya idadi. "Lakini hizi hazieleweki. Mia tatu. Mia mbili. Mia nne. Chupa ikishachanganywa maji, kinachobaki kinamwagwa siku hiyohiyo. Kwa miaka hii yote halikumwagika hata tone? Hakuna mfugaji mwenye mbuzi themanini na saba?"

Hapo nilikuwa na njia nyepesi, na ilikuwa pana. Ningesema mchanjaji ndiye aliyeleta idadi. Fomu zina jina lake, na yeye yuko mchangani.

"Idadi ni zangu," nilisema. "Yeye alileta chupa, mimi nikazidisha kwa mia. Hakuwahi kuandika namba asiyoijua. Mwandiko ni wangu, linganisha na kadi za stoo."

Alilinganisha. Akauliza, bila ukali, "Nani mwingine anaweza kuthibitisha kwamba mlikuwa mkifanya hivyo?"

"Yeye peke yake."

Aliandika. Nilitazama kalamu yake ikienda, na ajabu ni kwamba nilikuwa mtulivu kuliko wiki mbili zote zilizopita.

Kwenye kikao cha kufunga walisoma matokeo. Chupa za Kutulo hazikupotea. Kijidaftari cha mchanjaji ndicho kumbukumbu sahihi ya kazi ya uwandani, na fomu ibadilishwe, safu iwe ya chupa zilizofunguliwa na kiasi kilichomwagwa, mfugaji asiulizwe hesabu. Idadi za miaka ya nyuma zimetungwa ofisini na mtunza stoo. Mkuu wa ofisi alitazama viatu vyake. Niliandikiwa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye kumbukumbu za chanjo, nikabaki na majokofu. Niliona ni haki. Niliumia pia, maana haki haizuii kuumia.

Walikichukua kijidaftari kiwe kielelezo. Niliomba wanisainie hati ya kukipokea, nao wakasaini. Mezani hapakubaki kitu chake tena, ila kiti.

Jioni nilimpigia mama wa Kutulo. Nilimwambia ripoti imesema mzee hakupoteza kitu, kwamba daftari lake ndilo lililokuwa sahihi kuliko karatasi zetu zote.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nani alimsemea?"

"Mimi, mama."

"Na wewe, nani alikusemea?"

Niligeuka kukitazama kiti cha kijani, kama nilivyozoea kila nikiulizwa jambo gumu.

"Hakuna, mama," nilisema.

Hakukata simu. Mbuzi wake walikuwa wakilia nyuma yake, wengi, na mimi sikuuliza ni wangapi.